Kofia iliyosikika kikombe: sauti nne za Kiingereza zilizojificha ndani ya "a" yetu

Kijana mmoja anauza kofia za kushonwa kwa mkono kwenye njia inayotoka Ngome ya Yesu kuingia Ndia Kuu. Siku moja baada ya alasiri alinijia barazani uso umemkunjika. "Mwalimu, nshamwambia yule mama mara tatu, *this cap is from Lamu*. Yeye yuwaniashiria hivi, kama mtu yuwanywa kahawa, kisha yuwatazama mezani kama yuwatafuta kitu." Kumbe mama wa watu alikuwa anatafuta kikombe. Kijana alikuwa ametamka "kap", na sikio la Mwingereza likipata "kap" hulipokea kama *cup*.

Skuli tulifundishwa kuyaita maneno ya namna hii vitate: pua na bua, kura na kula, fahali na fahari. Kiingereza nacho kina vitate vyake, na wengi hudhani vinavyotusumbua ni vya konsonanti. Kwa mtu wa pwani si hivyo. Sauti ya *think* tunayo katika thelathini, na ile ya *this* tunayo katika dhahabu. R na l tunazitenganisha tangu utotoni. Tunakoanguka ni kwenye irabu. Sisi tuna tano tu, ilhali Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti 20 za irabu, ukijumlisha na zile zinazoteleza kutoka moja kwenda nyingine. Basi sauti zao kadhaa hubanana ndani ya irabu yetu moja, na iliyobebeshwa mzigo mkubwa kuliko zote ni "a". Soma mistari hii kwa sauti:

*hat, hut, heart, hurt*
*cat, cut, cart, curt*
*ban, bun, barn, burn*

Mstari wa kwanza ni kofia, kibanda, moyo na kuumia. Kama umesikia neno moja likirudiwa mara nne, uko pale alipokuwa kijana wangu.

Dalili: hata mwenyewe husikii tofauti

Anza hapa kabla ya kugusa mdomo. Walimu wengi hukimbilia kumshika mwanafunzi taya ilhali sikio lake bado limeziba, na mdomo hauwezi kulenga kitu ambacho sikio halijakiona. Chanzo si masikio mabovu. Tangu ukiwa mtoto umejifunza kwamba tofauti ndogo ndani ya "a" haibadilishi maana, kwa hiyo akili inaitupa kabla hujaitambua.

Kipimo chetu cha barazani ni rahisi. Jirani yetu ni muuza kahawa, basi tuliazima kikombe kimoja kidogo kisicho na sikio, tukakiweka mkekani karibu na kofia. Mimi nasema neno moja kati ya *cap* na *cup* bila mpangilio, naye anagusa kitu alichosikia. Mara kumi. Usiende zamu kwa zamu, maana atashika mpangilio badala ya sauti. Rusha sarafu ukitaka kuwa na hakika. Na mdomo wako uufiche kwa mkono au leso, la sivyo atakusoma taya badala ya kukusikia.

Siku ya kwanza alipata 5. Mtu akifumba macho na kugusa ovyo naye atapata kama 5, kwa hiyo alama hiyo maana yake hasikii kitu. Sita na saba pia usizishangilie, huja kwa bahati mara nyingi. Kupata 9 au 10 kwa kubahatisha ni kama mara 1 katika 100, basi mimi humhesabu mtu kuwa amesikia akifika 9 siku mbili tofauti. Ukiwa peke yako, tumia kamusi ya simu yenye sauti: gusa *cap* mara tatu, *cup* mara tatu, kisha mpe mwenzio simu akubonyezee bila wewe kuona kioo. Usijirekodi mwenyewe kwa kazi hii. Rekodi yako ina kosa lile lile unalotaka kulitibu.

Kijana alikaa siku 8 kwenye sikio tu, dakika kumi kila alasiri, bila kutamka lolote. Alilalamika. Siku ya tisa alipata 9, kisha akaniambia jambo lililonifurahisha: "Hii *cap* ina e ndani yake."

Dalili: unasema *cap*, wanasikia *cup*

Alichosema ndicho chanzo chenyewe. Irabu ya *cap* iko katikati ya "a" na "e" zetu, na maneno tuliyokopa yanatoboa siri hiyo. *Bag* imekuwa begi, *gas* imekuwa gesi, *manager* imekuwa meneja: hapo waliokopa walisikia e. Lakini *tank* imekuwa tangi, na hapo walisikia a. Sauti ni moja, ila haikupata nyumba yake kwetu, ikawa leo inalala kwa huyu na kesho kwa yule. Irabu ya *cup*, kinyume chake, ni jirani kabisa wa "a" yetu ya kawaida. Ndiyo maana *bus* imekuwa basi bila ubishi wowote, na ndiyo maana ukisema "kap" kwa mdomo wa Kiswahili mtalii anatafuta kikombe. Sauti yako si mbaya, ila ni ya neno jingine.

Njia ya kuirekebisha: shika kioo kidogo. Sema "e" ya meza na uivute, eee. Ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya chini. Sasa, bila kukatisha sauti na bila kuondoa ulimi hapo, shusha taya polepole kama mtu anayetaka kumwonyesha daktari jino la nyuma. Pembe za mdomo zivutike kidogo kando. Kabla hujafika kwenye "a" yetu kuna mahali sauti inakuwa bapa, karibu na mlio wa mbuzi. Simama hapo. Wanafunzi huicheka sauti hii, na wakicheka najua wamefika. Weka *k* mbele na *p* nyuma.

Kwa *cup* fanya kinyume. Taya nusu tu, midomo imelegea, hakuna juhudi, na ikate upesi. Kisha zipokezane, ukitazama kidevu chako kiooni:

*cap – cup*
*bag – bug*
*match – much*
*ankle – uncle*

Kidevu kishuke zaidi kwa neno la kwanza katika kila jozi. Kama hakibadiliki, bado unasema neno moja. Jozi ya mwisho ina raha yake, kwa sababu ya kwanza ni kifundo cha mguu na ya pili ni mjomba. Mtu akisema mjomba wake amevimba, mwulize mara mbili.

Dalili: sasa *bad* inasikika *bed*

Hii huja wiki ya pili, kwa wale waliofanya bidii kupita kiasi. Taya limeshuka kidogo tu, ulimi umebaki kwenye e. Pia huwapata waliosikia wenzao wakisema "bek" na "hepi" wakadhani ndiyo Kiingereza cha heshima. Matokeo ni kwamba *man* na *men* zinakuwa kitu kimoja, na msikilizaji hajui umekuja na mtu mmoja au kundi.

Hapa usirudi kwenye kioo, ongeza mpaka wa tatu. Sema *pen, pan, pun* kama vituo vitatu njiani kutoka e kwenda a: kalamu, kikaango, mchezo wa maneno. *Pen* ni e yetu hasa, *pun* ni jirani wa a yetu, na *pan* ikae katikati bila kugusa yoyote. Irabu ya *pan* pia ni ndefu kidogo kuliko mbili hizo, kwa hiyo ipe muda. Wanaoikata haraka ndio huangukia e.

Dalili: *hurt* inatoka kama *hat*, au kama "het"

Ushahidi mzuri kuliko wote uko mwilini mwako. *Shirt* tumeikopa mara mbili. Mara ya kwanza ikawa shati, kwa a. Mara ya pili, ikiwa na herufi T mbele yake, ikawa tisheti, kwa e. *Nurse* ni nesi na *skirt* ni sketi. Sikio la Mswahili likiikuta sauti hii hupapasa, kwa sababu irabu zetu zote tano zina pahali pake panapojulikana mdomoni, na hii haina. Inaelea katikati.

Usijaribu kuifikia kutoka kwenye "a", utashindwa. Vuta "e" ndefu, meno yakaribiane, midomo ibaki bapa bila kuviringa hata kidogo. Kisha rudisha ulimi wote nyuma kidogo, kama unauondoa kwenye chakula cha moto, bila kugusa juu wala chini. Sauti itakuwa na kiza, kama mtu anayeguna ndani ya mdomo. Hiyo ndiyo ya *hurt, bird, burn, first, girl, work*. Irefushe.

Kosa la kawaida hapa ni kuingiza r yetu inayotetema, ikawa "hart-rrt". Kiingereza cha Uingereza hakitamki r katika *hurt* wala *heart*, kinarefusha irabu tu. Wamarekani huitamka, ila kwa kukunja ulimi bila kuutetemesha. Chagua njia moja ukae nayo.

*Heart* yenyewe ni rahisi. Kiswahili tayari kina a ndefu ya saa na kaa. Ichukue hiyo, ifungue nyuma zaidi kooni, na umemaliza. Taabu ya *heart* iko machoni: imeandikwa kama *heard*, lakini *heard* ni ya kundi la *hurt*. Vivyo hivyo *money, Monday, come, love, young, country* na *blood* zote ni za kundi la *cup*, hata kama jicho linaona o. Sisi tumezoea lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, basi tunaiamini herufi. Kwa Kiingereza andika neno jipya daftarini chini ya kichwa cha kundi lake, *cap, cup, heart* au *hurt*, kabla ya kuandika maana.

Dalili: neno peke yake ni safi, ndani ya sentensi linaharibika

Kijana alifika hapa na akakaa sana. Kwenye mkeka alikuwa 10 kwa 10. Mteja akija, ulimi unarudi kwao. Chanzo ni kwamba akilini kuna bei, salamu na adabu, na taya halipati zamu ya kufikiriwa.

Kwa ugonjwa huu dawa ni vitanza ndimi, ila si kama tunavyovicheza vile vya liwali na wali wake, ambavyo mshindi ni mwenye kasi. Hapa kasi ndiyo kitu cha mwisho. Tunavyo vitatu tu:

*My uncle's ankle, my ankle's uncle.*
*Pass the cap, not the cup. Pack the cup, not the cap.*
*Bad birds in the barn had a burnt bun.*

Cha kwanza ni cha kubadilishana sauti mbili. Cha pili kinaongeza ndefu ya *pass*, ambayo kwa Mwingereza ni ya kundi la *heart*. Cha tatu kina zote nne: *bad* na *had* pamoja, *birds* na *burnt* pamoja, *barn* peke yake, *bun* peke yake. Kisome polepole sana, ukigonga goti kwa kila neno zito. Ukikosea, usirudie kutoka mwanzo. Rudia maneno mawili yaliyogombana, kwa mfano *burnt bun, burnt bun*, mara tano, kisha unganisha. Kurudia sentensi nzima humfanya mtu atamke vizuri mwanzo anaoujua na kuligusa juujuu lile kosa. Ongeza mwendo pale tu ambapo msikilizaji aliyefumba macho anaweza kukuambia kila neno. Siku ya kwanza mwanafunzi atakuwa mzito kama punda wa Lamu apandaye ngazi, na iwe hivyo.

Baada ya hapo tuliigiza duka. Mimi mtalii, yeye muuzaji, na sheria moja: kila sentensi yake iwe na *cap* ndani yake, huku mimi nikimkatiza na kuuliza bei. Hapo ndipo ilipokaa.

Dalili: unasema *cab*, wanasikia *cap*

Jambo hili huja nyuma ya irabu, na watu hulitibu kwa njia isiyofaa. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo konsonanti ya mwisho hututia wasiwasi. Tunaipa mkia ("kabu"), au tunaikaza mpaka b inakuwa p. Mwalimu husema "kaza b!" na mwanafunzi anapata mkia mrefu zaidi.

Ukweli ni kwamba Mwingereza mwenyewe haikazi b hiyo. Anachofanya ni kurefusha irabu iliyo mbele yake. *Cab* ina irabu ndefu kuliko *cap*, *bag* kuliko *back*, *seed* kuliko *seat*. Sikio lao linasoma urefu huo kabla hata midomo haijafunga. Basi refusha irabu, funga midomo kwenye b, na uiache imefungwa. Ikifunguka na sauti ikatoka, umetia mkia. Weka kidole juu ya midomo uhisi.

Mwanzo wa neno nako kuna jambo dogo, na hapa wazee wa Mji wa Kale wanatushinda. Katika Kimvita paa wa mwituni hutamkwa kwa pumzi baada ya p, na paa la nyumba halina pumzi hiyo. Kaa wa baharini anayo, kaa la moto halina. P, t na k za mwanzo wa neno la Kiingereza zinataka pumzi ya yule paa wa mwituni. Bila hiyo *cap* husikika *gap*. Shika kipande cha karatasi nyembamba mbele ya midomo useme *pack*: kikitikisika, sawa.

Dalili: umekubali bei, mteja anaondoka

Hii ilimgharimu pesa. Mtalii alitaja 1,500, kijana akasema *I can do that*, na mtalii akashukuru akaenda zake. Alikuwa amesikia *can't*.

Ndani ya sentensi ya kawaida *can* hainyanyuki. Irabu yake hufifia mpaka karibu haipo, "kn", na uzito wote unakaa kwenye neno linalofuata: *I kn DO that*. *Can't* haififii kamwe. Kwa Mwingereza ni ndefu ya *heart*, kwa Mmarekani ni ile bapa ya *cap*, na wote wawili mara nyingi humeza t yake. Kwa hiyo t haikusaidii. Mswahili hutamka kila silabi kikamilifu, na *can* iliyotamkwa kikamilifu, "kan", kwao inanuka kukataa.

Fanya zoezi kwa goti: gonga mara moja tu kwenye *DO* kwa sentensi ya kukubali, gonga mara mbili, kwenye *CAN'T* na *DO*, kwa ya kukataa. Na pale penye pesa mimi humshauri mtu asitegemee irabu peke yake. Aseme *yes* kwanza.

Juzi nilipita kwake. Wazee wawili wa kizungu walikuwa wamesimama mbele ya meza, mmoja amejaribu kofia mbili, anauliza ya tatu. Kijana akasema *cap* yake vizuri, kidevu chini, pumzi ipo. Mzee akatabasamu, akaangalia huku na huku, kisha akamuuliza wapi anaweza kupata kahawa. Kijana akamnyooshea kidole muuza kahawa na kusema kwa sauti kubwa, bapa kabisa, *"One cap there, twenty shillings!"*